Kuki inasema 18:00Z, inakufa saa ngapi hasa?

*"Habari kaka. Niko Kirumba, nasimamia mfumo wa mauzo wa duka letu la nyavu na vifaa vya uvuvi. Kijana aliyetutengenezea alisema kuki ya kuingia inakufa saa 12 jioni tukifunga. Tarehe 11 Machi nimeangalia kompyuta ya kaunta, Expires inasoma 2026-03-11T18:00:00.000Z, lakini watu wanaendelea kuutumia mpaka usiku. Kompyuta ya stoo, ambayo usiku tunaichomoa kabisa, kuki hiyohiyo inasoma 2026-03-11T04:40:00.000Z. Wanaingia saa 2 asubuhi, saa 2 na dakika 40 inawatoa, wakiingia tena inatulia siku nzima. Hii Expires inasomwaje na brauza inaitupa saa ngapi hasa?"*

Nzuri dada. Umefanya jambo moja zuri sana, umeandika namba za kompyuta zote mbili badala ya kusema tu "inatutoa", na kwa namba hizo jibu linaonekana hapahapa hata bila kuja Kirumba. Una matatizo mawili tofauti, la kaunta liko kwenye mstari alioandika kijana na la stoo liko kwenye saa ya ile mashine yenyewe.

Tuanze na ile herufi Z mwishoni maana ndiyo inayowachanganya wengi. Z maana yake hiyo saa ni ya UTC, saa ya kimataifa ambayo kwenye mstari wa kuki huandikwa GMT, siyo ya kwetu, na Chrome kwenye ile safu ya Expires / Max-Age anaonyesha UTC siku zote hata kama kompyuta umeiweka saa ya Afrika Mashariki. Sisi tuko mbele ya UTC kwa masaa 3, kwa hiyo 18:00Z ni 21:00 ya kwetu, na 21:00 kwa Kiswahili ni saa 3 usiku. Sasa kuna njia ya mkato ambayo mimi naitumia kila siku: ukitaka saa ya Kiswahili moja kwa moja toa 3 kwenye saa ya Z, basi. Ni kwa sababu unaongeza 3 kufika saa ya Tanzania halafu unapunguza 6 kufika hesabu yetu ya kuanzia alfajiri, jumla unapunguza 3. Ikizidi 12 unatoa 12, ikiwa ndogo mno unaongeza 12. Kwa hiyo 18 toa 3 ni 15, toa 12 ni 3, saa 3 usiku. Na 15:00Z ni saa 12 jioni kamili. Angalia na tarehe pia, kuanzia 21:00Z huku kwetu siku imeshageuka, yaani ukikuta 2026-03-11T21:30:00.000Z hiyo ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12.

Umeona basi kaunta yako haina muujiza wowote. Kuki inakufa saa 3 usiku kama ilivyoandikwa, ila kijana alidhani ameandika saa 12 jioni.

Alikosea wapi? Fungua F12, nenda Network, halafu ingia kwenye mfumo upya ukiwa umeiacha wazi, bonyeza lile ombi la kuingia na utazame Response Headers, mstari wa Set-Cookie. Karibu nina hakika utakuta kitu kama hiki:

```
Set-Cookie: kikao=8f3a; Expires=Wed, 11 Mar 2026 18:00:00 +0300; Path=/; Secure; HttpOnly
```

Ukiusoma kama binadamu uko sawa kabisa, saa 18:00 ya ukanda wa +3, ambayo ni saa 12 jioni. Lakini brauza haisomi hivyo. Kanuni ya kuki, RFC 6265 ya mwaka 2011, inaiambia brauza ikatekate hiyo tarehe vipande halafu itafute vitu vinne tu: saa yenye nukta mbili, siku ya mwezi, mwezi, na mwaka. Ikivipata inavichukua kuwa ni UTC. Hicho kipande cha +0300 kinarukwa kama hakipo, hata jina la siku halikaguliwi, ungeandika Jumapili badala ya Jumatano kuki ingepita tu. Sasa ukirukwa ukanda wa saa, 18:00 inakuwa 18:00 UTC na wewe umepewa masaa 3 ya bure. Na kama hakuandika +0300 bali aliandika 18:00:00 GMT huku akifikiria saa ya Mwanza matokeo ni yaleyale. Dawa ni moja, ageuze saa iwe UTC kabla ya kuiandika:

```
Expires=Wed, 11 Mar 2026 15:00:00 GMT
```

Hapo nimkumbushe na kitu kingine kwenye mstari huohuo, maana nimeshakutana nacho kwenye mfumo wa duka moja la vifaa vya ujenzi huku Nyakato na kilinila siku mbili nzima. Mwezi brauza inautambua kwa herufi tatu za mwanzo, za Kiingereza. Seva ikiwekwa lugha ya Kiswahili na programu ikaandika tarehe kwa majina yetu, Januari, Februari, Aprili, Juni, Julai, Septemba na Novemba zinapita maana herufi tatu za mwanzo zinafanana, lakini Machi, Mei, Agosti, Oktoba na Desemba hazitambuliki. Unaona hatari yake, mfumo unafanya kazi Februari yote vizuri halafu Machi mosi kuki zinaanza kupotea na hakuna mtu aliyegusa kitu. Na brauza hailalamiki popote, ikishindwa kusoma tarehe inaiacha tu hiyo Expires kana kwamba haikuandikwa, na kwenye safu unaona neno Session. Kuki ya Session haina saa ya kufa, inaondoka brauza ikifungwa, na hata hapo kama Chrome umeiwekea Continue where you left off inairudisha ukifungua tena, kwa hiyo usiitegemee kumtoa mtu.

Sasa twende stoo, huku ndiko kwenye mambo.

Kuki ya stoo inasoma 04:40Z, toa 3, saa 1 na dakika 40 asubuhi. Lakini wewe mwenyewe umesema wanaingia saa 2. Yaani kwa saa ya ukweli hiyo kuki ilikuwa imeshakufa dakika 20 kabla haijazaliwa, na bado ikafanya kazi dakika 40 nzima! Hilo haliwezekani isipokuwa kwa sharti moja, kwamba wakati wanaingia ile kompyuta ilikuwa inaamini ni mapema kuliko saa 1 na dakika 40 ya tarehe 11. Saa yake ilikuwa nyuma. Na tunaweza kupiga hesabu ilikuwa nyuma kiasi gani.

Brauza inapima uhai wa kuki kwa saa ya kompyuta iliyokaa nayo, haina saa nyingine. Ila Chrome, na Edge pia maana injini ni moja, wana ujanja mdogo wakati wa kuipokea kuki. Kwenye lile jibu la seva kuna mstari mwingine unaitwa Date, ambao ni saa ya seva wakati inajibu. Chrome analinganisha hiyo Date na saa ya kompyuta, akikuta zimepishana anaisogeza Expires kwa kiasi hichohicho ili kuki iishi muda ule uliokusudiwa na seva hata kama saa ya kompyuta ni mbovu. Ni ujanja mzuri na mara nyingi unawasaidia watu bila wao kujua.

Weka namba zako. Seva ilisema Expires ni 18:00Z, kwenye stoo imeandikwa 04:40Z, tofauti ni masaa 13 na dakika 20. Basi saa ya ile kompyuta ilikuwa nyuma kwa masaa 13 na dakika 20. Wameingia saa 2 kamili asubuhi, ambayo ni 05:00Z, ukirudi nyuma masaa 13 na dakika 20 unafika 15:40Z ya tarehe 10, na hiyo toa 3 ni saa 12 na dakika 40 jioni ya jana yake. Sasa niambie, jana yake mlifunga na kuchomoa ile kompyuta saa ngapi? Mimi nasema ilikuwa kama saa 12 na nusu hivi, na asubuhi mlipoiwasha saa ikaendelea pale ilipoishia.

Hiyo ni betri ya mazabodi. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ya duara kama sarafu, nyingi ni CR2032, kazi yake ni kuendesha saa wakati umeme hakuna. Ikichoka, ukichomoa waya saa inasimama au inachelewa, na ikiisha kabisa inarudi tarehe ya kiwandani. Ya kwako bado inakumbuka tarehe lakini haina nguvu ya kuisogeza. Kompyuta ya kaunta pengine haichomolewi, ndiyo maana haijaonyesha tatizo hili.

Kwa hiyo asubuhi stoo ilikuwa hivi. Saa 2 mtu anaingia, kompyuta inadhani ni jana jioni, Chrome anagundua tofauti na seva, anaisogeza Expires nyuma hadi 04:40Z. Mpaka hapo kila kitu sawa kabisa, kama saa ingebaki hivyohivyo mbovu siku nzima kuki ingekufa pamoja na ile ya kaunta. Lakini baada ya kama dakika 40 Windows inapata saa sahihi kutoka kwenye intaneti na kuirusha saa mbele masaa 13 na dakika 20 kwa mara moja. Sasa kompyuta inasema ni 05:40Z. Chrome anapotaka kutuma kuki anaangalia: sasa ni 05:40, kuki mwisho wake 04:40, imepita, haitumwi. Mtu anajikuta yuko ukurasa wa kuingia. Anaingia tena, safari hii saa ya kompyuta na ya seva zinalingana, hakuna cha kusogeza, Expires inaandikwa 18:00Z kama ya kaunta na inatulia, vilevile ulivyosema. Ukitaka kuhakikisha, itazame tena kwenye stoo mchana.

Na mkiirudisha saa nyuma baada ya hapo kuki hairudi. Ikishaonekana imepita mwisho inafutwa kabisa, siyo kwamba inafichwa.

Kuthibitisha ni rahisi, kesho asubuhi kabla mtu hajaingia fungua Console kwenye ile F12 uandike hivi:

```
new Date().toISOString()
```

Itakupa saa ya kompyuta kwa UTC. Ilinganishe na Date utakayoiona kwenye Response Headers za ukurasa wowote wa mfumo wako. Zikipishana sekunde chache siyo kitu, zikipishana masaa umeshamkamata. Usiitazame ile saa ya pembeni chini peke yake, maana kuna mafundi wakiweka Windows wanaiacha kwenye ukanda wa Marekani halafu wanasogeza saa kwa mkono mpaka ifanane na ya ukutani, ukitazama unaona sawa kabisa kumbe UTC yake imepotea masaa mengi.

Mpaka betri ibadilishwe, anayefungua stoo asubuhi aende kwanza Settings, Time & language, Date & time, abonyeze Sync now, ndipo aingie kwenye mfumo. Mpangilio ndio muhimu, saa kwanza kuingia baadaye. Akifanya kinyume atakuwa ameita mwenyewe ule mruko unaoiua kuki.

Kijana anaweza kukwambia tatizo la stoo linaondoka akitumia Max-Age badala ya Expires, maana Max-Age inahesabu sekunde tangu kuki ipokelewe, mfano `Max-Age=36000` ni masaa 10, kutoka saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Ni kweli Max-Age inaepusha kabisa lile kosa la ukanda wa saa, na zikiandikwa zote mbili Max-Age ndiyo inayosikilizwa. Lakini kwa stoo haisaidii, kwa sababu brauza haikai na kipima muda kinachorudi nyuma, inachukua saa ya kompyuta ya wakati huo, inajumlisha zile sekunde, inahifadhi tarehe kamili. Saa ikiruka mbele masaa 13, masaa 10 yote yanaliwa kwa pigo moja.

Nirudi kwenye swali lako la mwisho, inaitupa saa ngapi hasa. Kwa matumizi ni pale saa ya kompyuta inapofika ile sekunde ya Expires au kuipita, kuanzia hapo haitumwi tena. Lakini hakuna kengele inayolia. Brauza inakagua pale inapoihitaji, unapofungua ukurasa au kubonyeza kitu kinachokwenda kwenye seva, ndipo inaikuta imekwisha na kuifuta. Kwa hiyo kwenye faili la kuki ndani ya diski inaweza kulala imekufa kwa muda bila madhara, na kwenye F12 unaweza bado kuiona mpaka urifreshi ile orodha. Kubwa zaidi kwa duka lako ni kwamba ukurasa uliokuwa wazi haujifungi. Muuzaji aliyekuwa anajaza risiti ndefu ya nyuzi, maboya na nyavu saa 11 na dakika 58 ataendelea kuiona mbele yake saa 12 na dakika 10, akibonyeza hifadhi ndipo ombi linakwenda bila kuki, seva inamrudisha mlangoni na ile risiti imepotea. Mwambie kijana aweke tahadhari kwenye ukurasa dakika kadhaa kabla, la sivyo utapata lawama nyingi kuliko za sasa.

Brauza inaweza pia kuitupa mapema kuliko Expires, mtu akifuta data, au tovuti moja ikiwa imejaza kuki nyingi mno, Chrome ikizidi 180 kwa tovuti moja anaanza kupunguza. Na kwa upande wa mbali kuna dari, Chrome tangu toleo la 104 la mwaka 2022 hakubali zaidi ya siku 400, ukiandika miaka 10 anaikata hapo. Kwa kuki ya siku moja kama yako hayo hayakuhusu.

Kinachokuhusu ni hiki, na hapa naomba uwe mkali na kijana wako. Expires ni maelekezo kwa brauza tu. Brauza inapotuma kuki kwenye seva inatuma jina na thamani peke yake, `Cookie: kikao=8f3a`, tarehe ya mwisho haisafiri. Seva haiwezi kuisoma ikajua kuki imebakiza muda gani. Mtu akiirudisha nyuma saa ya kompyuta kabla ya saa 12, kuki inaendelea kuishi na kutumwa kama kawaida, na aliyenakili ile thamani akaipeleka kwenye simu yake hana Expires yoyote ya kumzuia. Kama kweli mnataka mauzo yafungwe saa 12 jioni lazima seva nayo iandike kwenye hifadhidata yake kwamba kikao 8f3a mwisho wake 15:00 UTC, na ikatae chochote baada ya hapo, kwa saa yake yenyewe.

Siku mtu akitolewa tena na hujui nani kamtoa, acha Network wazi na utazame Request Headers za ombi lililomrudisha mlangoni. Kama mstari wa Cookie hauna kikao ndani yake, brauza ndiyo iliyoitupa, nenda kaangalie Expires na saa ya mashine. Kama kikao kimo na bado karudishwa, brauza haina kosa, seva ndiyo iliyokisahau, na hapo kama mfumo ni wa PHP muulize kijana `session.gc_maxlifetime` ni ngapi, maana ikiachwa kama ilivyokuja ni sekunde 1440, dakika 24, na mtu aliyekwenda mwaloni kupokea mzigo wa dagaa akarudi anaweza kukuta kikao kimeshasafishwa wakati kuki yake bado ina masaa mengi.